Nyuma Hapakuwa na Mtu

Mume wangu alikuwa amekufa karibu mwaka mzima nilipomkuta tena, hai kabisa, katika sura ya kitabu niliyopewa niifupishe.

Sura yenyewe ilikuwa ya rafiki yake, Mrundi mwenzetu, aliyekuwa mkimbiaji wa mbio ndefu mpaka mguu wake ulipoharibika. Mchapaji mmoja wa Mbarara alikuwa anatengeneza kitabu cha maisha ya watu wa Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi hapa Uganda, kwa ajili ya madarasa ya watu wazima. Alitaka kiwe cha Kiswahili, kwa sababu ndicho kinachotukutanisha sisi wa Burundi na wenzetu wa Kivu. Kila mtu alipewa sura moja. Mimi nilikuwa napiga chapa barua na maombi ya watu katika duka dogo pale Base Camp, na mchapaji, aliyekuwa akituletea karatasi, aliona kwamba sentensi za watu zilitoka kwangu zikiwa zimenyooka kuliko zilivyoingia. Sikusoma sana. Nilifika mwaka wa pili wa sekondari nikasimama hapo. Lakini nilimwambia nitajaribu, na sura mbili za kwanza hazikunisumbua.

Hii ya tatu ililetwa na mwenyewe. Alikuja akichechemea, ameikumbatia kama mtu aliyebeba kuku. Karatasi zilikuwa nyingi, zimeandikwa pande zote mbili mpaka ukingoni.

"Shemeji," alisema, "hapa pana mambo. Usiharakishe."

Aliniita shemeji tangu mume wangu akiwa hai, kwa kuwa walikuwa kama ndugu. Baada ya msiba alikuwa mmoja wa watu wachache walioendelea kuniita hivyo. Wengine walianza kuniita mama fulani tu, au hawakuniita chochote.

Agizo la mchapaji lilikuwa wazi. Sura ibaki theluthi moja, na mtu anayejifunza kusoma aweze kuifuata bila kupotea. Ikishindikana, haiingii kitabuni. Mkimbiaji alilijua hilo. Hakuwa na picha, hakuwa na medali, kila kitu kilibaki alikotoka. Watoto wake walimjua kama mtu anayeuza unga wa muhogo sokoni na asiyeweza kukimbilia hata mvua. Alitaka wasome mahali kwamba aliwahi kukimbia.

Niliisoma yote kwa siku moja, dukani, kati ya mteja na mteja. Ilianza kwa bibi yake na ng'ombe wa bibi yake. Kisha ikaja shule, kocha, viatu alivyoazimwa, basi lililoharibika njiani, ugomvi juu ya sahani ya wali. Daktari alitokea kabla ya mguu kuumia, akatoweka, akarudi baadaye kama mgeni mpya. Na kati ya mambo hayo yote, kila baada ya ukurasa au mbili, alikuwepo mume wangu.

Walikuwa wakifanya mazoezi pamoja hapa hapa Nakivale, katika barabara ya udongo inayoelekea upande wa Rugaaga. Hilo nililijua. Nilikuwa nawaona wakiondoka alfajiri. Nisiyoyajua ndiyo yaliyonikalisha chini. Mume wangu akiimba wimbo wa Misa huku wakipanda kilima. Mume wangu akiwatania wachungaji wa ng'ombe wa upande wa Endiinzi mpaka wanampa maziwa. Mume wangu akisimama kileleni, akitazama ziwa na kusema, "Ndugu yangu, maisha ni mbio, na anayeanguka huinuka."

Nilizisoma karatasi hizo tena na tena. Siku hizo nyumba yangu ilikuwa na kimya ambacho sijui nikielezeje. Kulikuwa na kiti ambacho hakuna aliyekikalia, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeacha kuzungumza nikiwa peke yangu, kwa kuwa sauti yangu ilinishtua. Sasa jioni nilikuwa na kitu cha kurudia. Nilijikuta naimba puani wimbo ule wa Misa nikichambua maharagwe.

Kwetu Burundi maombolezo hayaishi yenyewe. Yanamalizwa. Watu wanakusanyika mara ya pili, muda mrefu baada ya mazishi, wanakunywa, na mtu anasimama kumsema marehemu, alikuwa nani na aliacha nini. Tunaita kuganduka. Baada ya hapo mjane anaruhusiwa kurudi kati ya watu. Mimi sikuwa nimefanya. Ndugu za mume wangu wako mbali, wengine sijui kama wako hai, na si mimi mwenye kumsema mume wangu mbele za watu. Kwa hiyo nilibaki katikati, wala msibani wala nje ya msiba. Na sasa kalamu ilikuwa mkononi mwangu, na kazi ilikuwa kukata.

Kwanza nilimwambia mchapaji ukweli. Nilikwenda Mbarara kurudisha sura ya pili, nikamkuta katika chumba chake nyuma ya mashine, anakunywa chai. Ni mzee, mwanajeshi mstaafu, Mnyankole, na Kiswahili chake ni cha jeshini; kila mwanamke kwake ni nyabo, yaani bibi.

"Katika hii sura kuna mume wangu," nilisema. "Aliyekufa. Sijui kama inafaa nikate mimi."

Aliweka kikombe chini. "Pole, nyabo. Yeye iko mingi?"

"Yupo sana."

"Na hiyo story, ni ya nani?"

"Ya mkimbiaji. Ya mguu wake."

"Basi iko ya mguu. Wewe uliza kila mtu mule ndani: unafanya nini kwa hii mguu? Kama yeye hapana na kazi, toka. Hata kama ni mimi." Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Ukishindwa, lete. Mimi nitakata. Lakini mimi nitakata na panga."

Nilirudi nikafanya kama nilivyozoea. Juu ya karatasi tupu niliandika sentensi moja: *Jinsi kano la kisigino lilivyokatika na mbio zikaisha.* Kisha nikachukua nakala ya sura, nikaikata kwa mkasi aya moja moja, nikazipanga juu ya meza ya duka nikizikandamiza kwa vijiwe ili upepo usizibebe. Kila aya niliisoma kwa sauti, kisha nikaitazama ile sentensi. Bibi alitoka na ng'ombe wake. Basi lilitoka. Wali ulitoka. Daktari nilimpeleka mahali pake, baada ya mguu. Yaliyosemwa mara tatu nilibakiza mara moja, ile iliyosemwa vizuri zaidi, na mara nyingi ilikuwa ya mwisho.

Katikati ya aya moja ndefu iliyoanza na bei ya sabuni nilikuta sentensi hii: *Nilisikia mtu amenipiga teke kisiginoni, nikageuka nimtukane, nyuma hapakuwa na mtu.*

Nilisimama. Hapo ndipo sura ilipokuwa. Mwenyewe alikuwa ameipita bila kuiona, akaenda moja kwa moja kwenye habari za mafuta ya ng'ombe aliyopakwa. Niliitoa ile sentensi, nikaiweka peke yake, nikaivunja vipande vitatu vifupi, kwa kuwa jambo lenyewe lilikuwa la ghafla.

Zikabaki aya za mume wangu. Niliziuliza swali la mzee. Wimbo haukuwa na kazi kwa mguu. Maziwa hayakuwa na kazi. Maneno ya kileleni hayakuwa na kazi. Niliziondoa zote, nikazitia katika bahasha, na jioni ile sikupika.

Mkimbiaji alipokuja kusikiliza, nilimsomea. Ilikwisha upesi.

"Ndiyo hiyo tu?"

"Ndiyo hiyo."

"Shemeji, mguu mmoja ulikatikia njiani. Huu wa pili naona unanikatia wewe." Alijaribu kucheka. "Na yeye umemuweka wapi?"

"Sikumuweka."

Alinitazama kama mtu aliyetoa zawadi ikarudishwa mkononi mwake. "Basi peleka," alisema, akaondoka.

Nikapeleka. Mchapaji aliisoma akiwa amesimama, miwani puani, midomo ikitembea. Alipomaliza aligeuza karatasi kuona kama kuna kitu nyuma yake.

"Nyabo, hii ni kama ripoti ya polisi. Mguu unakatika, mimi sisikii kitu."

"Ulisema nikate."

"Nilisema kata mzigo. Wewe umetupa mzigo, umetupa na askari pia!" Aligonga karatasi kwa kidole. "Huyu mtu nasikia anakimbia, hapo hapo anaanguka. Mimi sijui yeye alikuwa anapenda nini. Na hapa, 'nyuma hapakuwa na mtu.' Sawa. Kwa nini mtu angekuwa nyuma? Barabara ni yake peke yake. Msomaji atauliza."

Alisema kweli. Nilikuwa nimedhani kasi ya hadithi ni kuondoa tu. Msomaji hawezi kuumia pamoja na mtu ambaye hajamwona akiwa mzima. Ilibidi kuwe na asubuhi moja ya kawaida kabla ya ile asubuhi nyingine. Na katika asubuhi ya kawaida, kama nilivyowaona mimi mwenyewe kutoka mlangoni kwangu miaka ile, mkimbiaji alikuwa mbele na mume wangu alikuwa nyuma. Siku zote. Miguu yake ilikuwa mifupi. Ndiyo sababu mkimbiaji alipopigwa teke aligeuka amtukane mtu. Alijua ni nani.

Nisiseme uongo, njiani kurudi nilifurahi. Nilikuwa na ruhusa. Nilifungua bahasha nikaanza kuchagua ni mume wangu yupi atakayerudi, na nikachagua yule anayeimba.

Lakini kazi hii ina tabia moja, inakulazimisha kuweka karatasi mbili kando kwa kando. Katika karatasi moja mkimbiaji alikuwa ameandika kwamba mume wangu alikimbia nyuma akihema sana, hawezi hata kujibu akiulizwa, na kwamba yeye alijua mwendo wake mwenyewe kwa kusikiliza pumzi zile. Katika nyingine, mtu huyo huyo, kilima kile kile, anaimba wimbo mzima na kiitikio. Msomaji wa darasa la watu wazima angejikwaa hapo. Ningekuwa naihariri sura ya mtu mwingine ningeweka alama ya kuuliza pembeni bila kufikiri. Niliiweka. Mkono haukutaka.

Nilimfuata sokoni. Alikuwa amekaa nyuma ya magunia yake, mguu mbaya umenyooshwa, mikono myeupe kwa unga. Mama mmoja Mkongomani wa kibanda cha pili alikuwa anamchokoza.

"Champion! Leo umekimbia wapi, fasi gani?"

"Nimekimbia deni lako, mama."

"Basi utakimbia mingi!"

Walicheka. Mimi nilisubiri wamalize, nikachuchumaa karibu naye, nikamwonyesha karatasi mbili.

"Hapa anahema hawezi kusema. Hapa anaimba. Ipi ni kweli?"

Alizishika, unga wake ukazichafua.

"Alikuwa anahema," alisema.

"Na kuimba?"

"Shemeji."

"Nauliza kwa ajili ya sura."

"Hakuimba." Alijifuta mikono kwenye suruali, ikachafuka zaidi. "Wewe ulimjua. Yule mtu angeimba?"

Nilimjua. Kanisani alikuwa anafungua mdomo bila kutoa sauti, watoto wa jirani wakimcheka. Na yale maneno ya kileleni, maisha ni mbio, nayo nilijua tangu siku ya kwanza kwamba si yake. Mume wangu alikuwa mtu wa "ndiyo" na "tutaona." Nilijua, na niliyarudia hata hivyo.

"Na maziwa ya wachungaji?"

"Maziwa nilipewa mimi. Yeye aliogopa ng'ombe." Akashusha sauti, kwa kuwa mama wa kibanda cha pili alikuwa amenyamaza ili asikie. "Niliambiwa wewe ndiye utakayeisoma. Nikafikiri, huyu mtu hajagandukiwa. Hakuna aliyesimama kumsema. Nani atamsema, kama si mimi? Nikaona karatasi zipo. Kila nilipofika kwa mguu nilirudi kwake kidogo. Na ukimsema marehemu, unamsema vizuri. Si ndivyo?"

Ndivyo. Penye pombe ya kuganduka hakuna anayesimama kusema marehemu alikuwa anahema na kuogopa ng'ombe. Anayesema huongeza, na wanaosikiliza wanajua anaongeza, na wanaitikia. Lakini kitabu hakina wa kuitikia. Mtu atakisoma peke yake na kuamini.

Sikumkasirikia. Hata hivyo nilitoka sokoni nikiwa nimefiwa tena, safari hii na mtu ambaye hakuwahi kuwepo.

Niliandika upya asubuhi ya kawaida kwa maneno ya mkimbiaji mwenyewe, yale yaliyokuwa ya kweli, nikiunganisha tu. Nilianza na baridi na giza la barabara. Sentensi niliziacha ziwe ndefu, kwa kuwa alikuwa anakimbia na hakuna kilichomzuia. Nilibakiza kwamba rafiki yake alikuwa nyuma daima, kwamba pumzi za huyo rafiki zilikuwa saa ya mkimbiaji: zikisogea, yeye amepunguza mwendo, zikififia, ameongeza. Kisha ile asubuhi nyingine. Kisha kilima. Kisha teke. Kugeuka. Barabara tupu na ng'ombe mbali. Kujaribu kusimama kwa vidole na mguu kukataa. Baada ya hapo mganga na mafuta ya ng'ombe, wiki zilizopotea kwa kudhani ni kuteguka, na mwisho daktari wa Mbarara aliyemlaza kifudifudi na kuminya shavu la mguu mzima, wayo ukacheza, kisha akaminya shavu la mguu mbaya, wayo ukatulia. Mkimbiaji alikuwa ameandika mengi juu ya alivyolia siku hiyo. Niliyatoa. Wayo uliotulia ulitosha.

Alikuja dukani kusikiliza tena. Safari hii hakutania. Nilipofika kwenye teke aliinama akashika kisigino chake, na nilipomaliza alikaa vile vile, ameinama.

"Nilikuwa nakimbia," alisema. "Watoto wataona nilikuwa nakimbia."

"Wataona."

Akainua kichwa. "Lakini shemeji, hapo pana kitu. Nyuma hapakuwa na mtu. Watafikiri aliniacha."

Sikuwa nimeliona hilo. Nilirudia kusoma kimya. Kweli, mtu ambaye yupo siku zote na siku moja hayupo, bila sababu, anaonekana mbaya. Na sababu ilikuwepo. Mkimbiaji hakuiandika popote katika karatasi zake zote, kwa kuwa yeye aliisikia mlangoni tu, akapita. Mimi nilikuwa ndani.

"Alikuwa na homa," nilisema. "Malaria. Hukupita kumwita?"

"Nilipita. Wewe ulitoka ukaniambia ana homa, leo haendi. Teke liliponipata nilikuwa nimesahau."

"Basi tuandike."

Tulijadiliana mahali pa kuiweka. Yeye alitaka baada ya teke. Nilimwonyesha kwamba ikikaa hapo itamsimamisha msomaji aanze kufikiria homa wakati mtu yuko chini barabarani. Iende kabla, mwanzoni mwa asubuhi, ipite kama jambo dogo: *Siku ile rafiki yangu alikuwa kwake, ana homa.* Msomaji atakuwa ameisahau, na akifika kwenye barabara tupu atajua bila kuambiwa.

Niliipiga chapa. Alikuwa bado amekaa.

"Alikuwa anafanya nini?" aliuliza. "Wakati ule. Mimi niko kilimani, yeye alikuwa anafanya nini?"

Hakuna aliyekuwa ameniuliza jambo lolote juu yake tangu mazishi. Watu wananipa pole. Hawaniulizi.

Nikamwambia. Nilikuwa nimemkalisha ukutani anywe uji, blanketi mabegani, meno yanagongana. Akakataa uji. Alikuwa anasikiliza nje. Alisema, "Sasa amefika kwenye mti uliokatwa." Baadaye kidogo akasema, "Sasa anapanda." Nikamwambia kunywa, mwenzako hakuhitaji umkimbilie kitandani. Akasema, "Leo atakwenda mbio mno. Hana wa kumsikiliza." Kisha akalala.

Mkimbiaji aliweka mkono mdomoni. Alipouondoa, alisema kwa nguvu, "Tia hiyo! Shemeji, tia hiyo, hiyo ni bora kuliko yote!"

"Hapana."

"Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli."

"Basi kwa nini?"

"Wewe hukuwepo. Sura ni yako, na wewe ulikuwa kilimani hujui kitu. Nikitia hiyo, wewe hutakuwa peke yako barabarani."

Alifikiri. Alikuwa amejifunza kitu kuhusu kazi hii katika siku zile, naona, kwa kuwa hakubishana. Alisema tu, polepole, "Na mimi nilikuwa peke yangu."

"Ulikuwa peke yako."

Niliipeleka Mbarara Ijumaa iliyofuata. Mzee aliisoma amekaa, na chai yake ikapoa. Alipofika mwisho alirudi nyuma akatafuta mahali, akaweka kidole.

"Huyu wa nyuma. Huyu wa homa. Ndiye yule wako?"

"Ndiye."

"Hii mistari tu?"

"Hiyo mistari. Sura inatosheka."

Alinitazama juu ya miwani. "Na wewe?"

"Mimi sitosheki," nilisema.

Aliiweka sura juu ya zile nyingine zilizokuwa tayari kwa mashine, akainuka, akaondoa karatasi zilizorundikwa kwenye kiti cha pili, akanisogezea kiti hicho. "Kaa, nyabo. Sasa sema yeye."